Sindano za muda mrefu na masikio: Muulize daktari haya kabla ya dozi ya kwanza

Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka ule mvumo masikioni. Kwa wengi uliisha siku chache baada ya kumaliza dawa. Labda ndiyo maana hata leo mgonjwa akisikia "ziii" sikioni anavumilia tu, akijua itapita.

Ila kuna sindano ambazo madhara yake mara nyingi hayapiti. Ni amikasini, jentamaisini, streptomaisini na kanamaisini, zote za familia moja. Zinaua bakteria vizuri na zimeokoa wengi. Shida ni kwamba zikiingia sikio la ndani huua pia seli zenye vinyweleo vidogo zinazopokea sauti, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena.

Tanzania inalijua hili kupitia kifua kikuu sugu. Matibabu yake yalianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, Kilimanjaro, na wakati huo kanamaisini ilikuwa sehemu ya dozi. Mgonjwa alichomwa sindano kwa miezi kadhaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo, na vidonge kama bedakwilini vikachukua nafasi. Amikasini haikufutwa kabisa, imebaki kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindikana.

Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: "Daktari, kuna vidonge vinavyoweza kuchukua nafasi ya sindano hii?" Kwa kifua kikuu sugu, mara nyingi jibu ni ndiyo.

Kama jibu ni hapana, omba kupimwa usikivu kabla ya sindano ya kwanza au siku za mwanzo kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanasubiri mpaka waone tofauti. Tatizo ni kwamba dawa hizi huanza kuharibu uwezo wa kusikia sauti nyembamba sana, ambazo hazitumiki sana kwenye mazungumzo.

Chukua mfano wa mama wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, aliyeandikiwa amikasini. Siku ya kwanza anavalishwa spika za masikioni, anabonyeza kitufe kila akisikia mlio. Mlio mwembamba wa hezi 8,000 anausikia ukiwa na nguvu ya desibeli 15, ambayo ni kawaida. Baada ya mwezi anarudia, na sasa mlio uleule hausikii mpaka ufike desibeli 40. Ukimuuliza, atasema anasikia vizuri, na hadanganyi, maana anaongea na simu bila shida. Lakini kushuka kwa desibeli 20 au zaidi kwenye mlio mmoja tayari ni dalili kwamba dawa inamdhuru. Bila kipimo cha siku ya kwanza, hakuna cha kulinganisha nacho.

Kipimo hiki hakipo kila kituo. Uliza hospitali ya karibu inayokifanya, na kirudiwe kila baada ya muda gani. Kwa sindano za miezi, angalau mara moja kwa mwezi.

Figo nazo zina sehemu yake. Ndizo zinazotoa dawa hizi mwilini, zikiwa dhaifu dawa hurundikana na sikio huumia zaidi. Kwa hiyo uliza kama damu yako imepimwa kuona figo zinafanyaje kazi, na kama dozi imepigwa kwa uzito wako wa sasa, siyo ule ulioandikwa kwenye kadi miezi iliyopita. Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kupungua kilo nyingi.

Taja pia dawa zote unazotumia. Furosemaidi, ile ya kutoa maji mwilini wanayopewa wagonjwa wa moyo, ikiunganishwa na sindano hizi huongeza hatari. Sema pia kama kuna ndugu, hasa wa upande wa mama, aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano. Zipo familia zinazorithi udhaifu huo kupitia mama, na dozi ndogo tu inaweza kutosha kumdhuru mtu.

Ukiwa kwenye dawa, rudi haraka ukisikia mlio masikioni, masikio yakiziba, au ukianza kuyumba unapotembea gizani. Kuyumba kunatokea kwa sababu sikio la ndani ndilo linalotunza mizani ya mwili. Usiache dawa mwenyewe, hasa ya kifua kikuu. Daktari anaweza kupunguza dozi, kutenganisha siku za sindano au kubadilisha dawa kabisa.

Hata baada ya sindano ya mwisho, usikivu unaweza kuendelea kushuka kwa wiki kadhaa. Omba tarehe ya kipimo cha baadaye kabla hujaruhusiwa.