Vipande 196 vya jani la haragwe: historia fupi ya mashine zinazosoma picha

Katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima maharage na mahindi kwa zamu ndani ya ngoro, na adui wawili wa maharage yao, kutu na madoa pembe, huanza kama alama ndogo juu ya jani. Kompyuta inaweza kufundishwa kuzitofautisha kwa picha. Tangu mwaka 2020 wataalamu wengi wamehamia kwenye mbinu iitwayo transfoma ya kuona, wakiiacha ile kongwe ya mitandao ya konvolusheni. Historia ya mbinu hizi mbili inaonyesha kwamba mwenye picha chache hana sababu ya kufuata upepo huo kabla ya kujiuliza mashine yake imejifunzia wapi.

Mbinu kongwe ina mizizi katika kazi ya Kunihiko Fukushima wa Japani, mwaka 1980, na ya Yann LeCun, ambaye mwaka 1989 aliifundisha mashine kusoma tarakimu za anwani za posta. Kichujio kidogo, mara nyingi cha pikseli 3 kwa 3, hupitishwa juu ya picha nzima kikitafuta alama ileile kila mahali. Hivyo mambo mawili yamejengwa ndani ya mashine kabla haijaona picha hata moja: kwamba pikseli jirani zinahusiana, na kwamba doa ni doa, liwe karibu na kikonyo au kwenye ncha ya jani. Haya haihitaji kuyajifunza kwa mifano.

Oktoba 2020, Alexey Dosovitskiy na wenzake wa Google walichukua njia nyingine. Picha ya pikseli 224 kwa 224 waliikata vipande vya 16 kwa 16. Vinapatikana vipande 14 kwenda kulia na 14 kwenda chini, jumla 196, na kila kimoja ni namba 768, kwa kuwa kila pikseli ina rangi tatu. Vipande hupangwa kwa mstari kama maneno ya sentensi, kisha kila kimoja hulinganishwa na vyote vingine. Faida yake ni kwamba pembe moja ya picha huhusishwa na pembe ya pili tangu hatua ya kwanza. Hasara ni kwamba mashine haijui kuwa kipande cha 15 kiko chini ya kile cha 1. Lazima iugundue ujirani huo kwa mifano. Tena, kidoa cha kutu kikisogea pikseli chache kinaweza kukatwa na mpaka wa vipande viwili, na kwa mashine isiyo na uzoefu hilo ni jambo jipya. Matokeo yao wenyewe yalithibitisha gharama hiyo: kwa mafunzo ya picha milioni 1.3 hivi za ImageNet, transfoma ilishindwa na konvolusheni. Ilitangulia ilipopewa takribani milioni 300.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba Desemba ya mwaka huohuo Hugo Touvron na wenzake waliifundisha transfoma vizuri kwa ImageNet peke yake. Ni kweli, lakini walizigeuza picha hizo kwa namna nyingi, na matokeo yao bora yalipatikana pale transfoma ilipofundishwa na mwalimu ambaye ni mtandao wa konvolusheni. Ujuzi wa ujirani uliingia kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linatoka jirani. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa picha 1,295 za majani ya maharage kutoka Uganda, za kutu, madoa pembe na majani yenye afya, na transfoma hufanya vizuri sana juu yake. Ila transfoma hiyo kwa kawaida imekwisha kupitia picha milioni 14 hivi kabla ya kuonyeshwa maharage. Inakuja na akiba. Isitoshe, picha za jaribio la mwisho ni 128 tu. Makosa mawili hutoa asilimia 98.4, na manne hutoa 96.9. Tofauti ya majani mawili haitoshi kumtangaza mshindi.

Kwa hiyo, anayeanza kutoka sifuri na picha mia chache za Mbinga achague konvolusheni. Anayepata mashine iliyokwisha kufundishwa kwa mamilioni ya picha anaweza kuchukua yoyote kati ya hizo mbili na kuinoa kwa picha zake. Kwa vyovyote, picha za shamba moja zisigawanywe kati ya mafunzo na jaribio, kwa sababu mashine itakariri udongo na mwanga wa shamba hilo na alama zitapanda bila stahili. Ipimwe kwa majani ya kijiji ambacho haijawahi kukiona. Ikianguka huko, kinachohitajika ni picha za mashamba mengi zaidi, si mashine mpya.