Ngoma ya Wapokomo: Irejeshwe au Ibaki London?

Mnamo 1902, maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliwapokonya Wapokomo wa Mto Tana ngoma yao takatifu, Ngadji. Mnamo 1908 ilikabidhiwa Makavazi ya Uingereza, London.

Wanaopinga irejeshwe hutaja sheria ya 1963, inayoyazuia makavazi hayo kutoa mali yake isipokuwa kwa sababu chache. Aidha, husema kwamba huko vitu hutunzwa vyema na kutazamwa na mataifa yote. Hata hivyo, Ngadji ilikaa ghalani zaidi ya karne moja bila kuonyeshwa hadharani.

Kwa Wapokomo, haikuwa pambo. Mlio wake uliwaita watu kwenye ibada.

Sheria hiyo inaruhusu kukopesha. Lakini anayekubali mkopo hukiri kuwa mali si yake.