Maji ya Samuye hayachemki kwa nyuzi 100

Mwanafunzi wa Samuye anayechemsha maji maabarani na kusoma nyuzi 96 kwenye kipimajoto kizima hajakosea. Akiandika 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo, hapo ndipo anapokosea.

Maji huvukiza katika kila jotoridi, na mvuke wake una kanieneo linalopanda upesi kadiri yanavyopata moto. Kwenye nyuzi 80 kanieneo hilo ni kilopaskali 47 hivi. Kwenye 96 linakaribia 88. Kwenye 100 linafika 101. Kiputo cha mvuke kinachozaliwa ndani ya maji hubanwa na hewa iliyo juu yake. Mvuke ukiwa dhaifu kuliko hewa, kiputo hufa palepale. Ukilingana nayo, hukua na kupanda, na huko ndiko kuchemka. (Viputo vidogo vinavyoshika kuta za chombo mapema ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, tusidanganywe navyo.) Kwa hiyo nyuzi 100 ni habari ya usawa wa bahari, ya Tanga au Dar es Salaam.

Kwa Samuye, kwenye nyanda za Shinyanga, tuchukue mwinuko wa mita 1,150. Tabaka la hewa lililobaki juu ni pungufu, na kanieneo lake huwa karibu kilopaskali 88. Mvuke wa maji hulifikia kwenye nyuzi 96 na kidogo. Katika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, mchemko huja karibu na nyuzi 81. Maharage huko hutokota mchana kutwa na yasiive, kwani kuongeza kuni huharakisha uvukizaji tu, jotoridi halipandi.

Mtego mkubwa uko kwenye taarifa ya hali ya hewa. Kanieneo linalotangazwa, tuseme hektopaskali 1,015, kwa kawaida limeshasahihishwa kuwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Atakayelitumia Samuye atatarajia nyuzi 100 na kukitupa kipimajoto kisicho na kosa. Linalohitajika ni kanieneo halisi la mahali, lililosomwa kwenye baromita isiyorekebishwa.

Kipimajoto chenyewe hukaguliwa kwanza kwenye barafu inayoyeyuka, ambako mwinuko hauna athari ya maana: kikisoma 2 badala ya 0, kasoro ni yake. Kisha kiwekwe kwenye mvuke ulio juu ya maji, si ndani yake, kwa kuwa chumvi na kina huinua jotoridi la maji. Sentimita 10 za kina huongeza karibu theluthi moja ya nyuzi chini ya chombo.

Watungaji wa mitihani ya vitendo wadai kanieneo la mahali liandikwe kando ya jibu. Bila hilo, 96 ya Samuye na 100 ya Tanga haziwezi kusahihishwa kwa haki.