Jiwe Lililokuwa Mfupa

Mtu atokaye Songea akashuka mpaka bonde la mto Ruhuhu, uendao Ziwa Nyasa, ataona miamba ya mchanga na ya udongo mwekundu. Siku moja nalipita huko pamoja na wanafunzi, na mmoja akaokota kitu cha rangi ya kahawia, urefu wake kama kidole. Akauliza, "Mwalimu, hili ni jiwe tu, au ni mti?" Nikamwambia, "Tazama pale palipovunjika."

Jiwe la mchanga likivunjika, huonyesha chembe za mchanga mpaka ndani. Mti uliogeuka jiwe una nyuzi zifuatazo urefu wake. Lakini kipande kile kilikuwa na ganda lililoshikamana upande wa nje, na ndani matundu madogo madogo, kama mkate. Hiyo ndiyo alama ya mfupa. Uzito wake hauamui neno, maana mti na mfupa vyote huwa vizito vikiisha kugeuka.

Basi, mfupa hugeukaje jiwe? Zamani mnyama alikufa kando ya mto, na mafuriko yakamfunika kwa matope upesi, kabla mifupa haijatafunwa wala kupasuliwa na jua. Nyama ikaoza. Maji yaliyopenya katika matope yalichukua chokaa, chuma na madini mengine yaliyoyeyuka, yakayaacha ndani ya matundu yale kidogo kidogo, hata yakajaa. Matope nayo yakagandamana yakawa mwamba. Siku hizi mvua huula mwamba, na mfupa hutokeza juu.

Katika miaka ya 1930 Bwana Parrington, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikusanya mifupa ya namna hii katika bonde hilo. Baadhi yake ilikuwa mfupa wa mkono na vipande vya uti wa mgongo. Bwana Alan Charig aliichunguza katika miaka ya 1950, akamwita mnyama huyo Nyasasaurus, lakini hakupata kulitangaza jina hilo rasmi. Lilitangazwa mwaka 2013, baada ya wataalamu kukata kipande chembamba cha mfupa na kukitazama kwa hadubini. Waliona nyuzi zilizosukana ovyo, dalili ya mnyama aliyekua upesi. Tena mfupa wa mkono ulikuwa na ukingo mrefu wa kushikia misuli, kama wa dinosaria. Umri wake hukadiriwa yapata miaka milioni 240. Huenda ndiye dinosaria wa kwanza ajulikanaye, au ndugu yao wa karibu sana. Mifupa ni michache mno kuweza kukata shauri.

Kile kipande cha mwanafunzi tulikirudisha palepale, tukaandika mahali na rangi ya mwamba, ili tupeleke habari kwa wahusika wa mambo ya kale. Mfupa ukiisha kutolewa katika tabaka lake bila kuandikwa, hakuna awezaye tena kujua umri wake kwa hakika.