Chemirocha bila Ngano: Kuhakiki Santuri kwa Sikio

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Alirekodi huko nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha, akazitofautisha kwa namba tu. Ya kwanza iliimbwa na Bekyibei arap Mosonick, ya pili na Cherwo arap Korogem, ya tatu na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake. Hii ya tatu ndiyo iliyovuka bahari. Imeandikwa sana, imesifiwa sana, na ninavyoona mimi imesikilizwa kidogo kuliko ilivyosifiwa.

Kilichoibeba ni kisa chake. Jina Chemirocha linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramafoni. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwona mwimbaji huyo asiyeonekana kama kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba wimbo unamwalika aje acheze. Kisa kitamu mno. Ukishakisoma, masikio yanaanza kukitii, na hapo mhakiki huwa amekwisha shindwa kabla santuri haijazunguka.

Hoja yangu ni kwamba uhakiki wa muziki unaanzia pale mwandishi anapotaja anachopenda, kisha akamwonyesha msomaji mahali hasa katika rekodi ambapo kitu hicho kipo au hakipo. Kusema "wimbo huu unagusa roho" hakumpi msomaji njia yoyote ya kukubaliana wala kupinga. Anayesema "kiitikio kinaingia kabla kiongozi hajamaliza, nami napenda hivyo" amejiweka mahali anapoweza kukamatwa.

David Hume aliligusa jambo hili katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, akiazima kisa kutoka kwa Cervantes. Ndugu wawili wa Sancho Panza waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliusifu, ila akasikia chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomalizwa, chini yake ulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi. Wengi hukisoma kisa hiki kama sifa kwa ndimi kali. Mimi nakisoma kwa upande wa ufunguo: waonjaji wale walitaja vitu ambavyo vingeweza kutafutwa. Wangesema tu kwamba mvinyo una hadhi, hakuna ambaye angepata cha kutafuta chini ya pipa.

Basi tuitafute Chemirocha ya tatu chini ya pipa lake. Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba humo mnasikika Jimmie Rodgers. Dai hili linapimika, kwa sababu Rodgers alikuwa na alama zake. Alipiga gita, akipenda kuunganisha mstari na mstari kwa noti za besi zinazotembea. Nyimbo zake nyingi mashuhuri zilifuata umbo la bluzi. Na mwisho wa ubeti aliivunja sauti, ikaruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi, bila maneno. Sasa sikiliza wasichana wa Kapkatet. Gita halimo. Umbo la bluzi halimo. Mruko wa sauti nilioueleza siusikii hata mara moja. Kilichopo ni chepkong'o, kinubi cha Kipsigis, kikizungusha kifungu kifupi kilekile, na juu yake kiongozi na waitikiaji wanaopokezana kwa namna inayojulikana katika nyimbo nyingi za eneo hili. Rodgers yumo katika jina na katika maneno. Katika muziki wenyewe sijamwona, na anayemsikia namwomba aniambie ni wapi.

Hilo haliushushi wimbo. Linauweka wazi tu ili tuone kilichobaki, nacho si kidogo. Mimi napenda sauti ambazo hazijalainishwa, na nakiri upendeleo huo mapema ili msomaji aupunguze anapoona umezidi. Sauti ya Chemutoi ni nyembamba na ina ncha. Haitafuti uzuri wa kwaya ya kanisani. Waitikiaji hawaingii kama mtu mmoja. Sikiliza mwanzo wa kiitikio: kuna anayetangulia kidogo, kuna anayefuata, na upana wa kiitikio unatoka katika pengo hilo dogo. Mwalimu wa kwaya anayejiandaa kwa tamasha la shule angelirekebisha siku hiyohiyo. Kwangu ndilo jambo bora katika rekodi nzima, kwa sababu linanifanya nihesabu watu badala ya kusikia ukuta wa sauti.

Udhaifu upo, na nusu yake ni wa mrekodi. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mwenyewe na kuisogeza kulingana na alichotaka kisikike. Alichagua pia wimbo uanzie wapi na uishie wapi, huku akijua kwamba upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu. Kwa hiyo tunapousifia wimbo huu kwa ufupi wake, kana kwamba wasichana waliamua kusema machache na kunyamaza, tunawapa sifa ambayo huenda ni ya saa ya Tracey. Ngoma ya kuitikiana inakua kwa kurudiwa. Mzunguko wa kumi si sawa na wa pili, hata kama noti ni zilezile, kwa sababu waimbaji wameshapata joto na wachezaji wameshaingia.

Hili lilielezwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi katika kibanda cha chai pale Chepilat. Chepilat ni senta ya mpakani. Ukitoka Kapkatet ukapita Sotik kuelekea Keroka utaikuta, Wakipsigis upande mmoja wa barabara na Abagusii upande wa pili, soko likiwachanganya. Niliwachezea Chemirocha ya tatu wateja wawili bila kuwaambia kisa chochote. Mama mmoja, mchuma chai aliyezaliwa upande wa Sotik, aliisikiliza hadi mwisho na kuniuliza, "Mwalimu, imeishia hapo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ndiyo yote."

"Basi wamewakata hawa watoto. Wimbo haujachemka."

Kijana wa bodaboda kutoka upande wa Borabu naye alikuwa na lake. Alisema kinanda ni chepesi mno, hakina tumbo. Nilipomwuliza anakilinganisha na nini, hakusita: obokano. Hicho ni kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, na ngurumo yake inatokana na nyuzi kutetema karibu kabisa na ngozi, ikatoka besi yenye mkwaruzo unaousikia kifuani. Mtu aliyelelewa na sauti hiyo akipewa chepkong'o atahisi amepewa nusu ya chakula.

Hukumu zote mbili ni za ladha, ila hazina uzito sawa. Ya mama yule inaupima wimbo kwa jambo ambalo wimbo wenyewe unalitaka: kuitikiana kunakusudiwa kuchemka, na hapa hakukupewa nafasi. Ya kijana inapima chombo kimoja kwa kazi ya kingine. Hata hivyo nisingeifuta katika hakiki. Ningeiandika pamoja na asili yake, kwamba msemaji ni sikio la obokano, maana msomaji wa Kisii atajitambua humo na atajua mapema nini kitamkosesha raha. Yenye madhara ni ile ya tatu ambayo hawa wawili hawakuisema: kuusifia wimbo kwa sababu mwandishi wa mbali ameusifia.

Nisionekane kana kwamba kosa hili la kusifu bila kusikiliza ni la wageni pekee. Sisi wenyewe tuna letu. Kericho mjini kulikuwa na duka na studio ya Chandarana, ambako wanamuziki wa Kikalenjin na wa jamii jirani walirekodi santuri ndogo kwa miaka mingi, na jina la Kipchamba arap Topotuk halitajwi redioni bila kuvikwa taji. Mtangazaji akishamwita mfalme, nani atasema kwamba katika wimbo fulani gita la pili limezama, au kwamba beti mbili za mwisho ni marudio ya mwanzo? Huku kwetu kusifu kunaendeshwa na heshima kwa wazee, na ng'ambo kunaendeshwa na mshangao. Matokeo yanafanana: muziki hausikilizwi.

Santuri hizo ndogo zina msaada mwingine kwa hoja hii. Watayarishaji wa benga, waliobanwa na upande uleule wa dakika chache, mara nyingi waliugawa wimbo katika sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji aligeuza santuri ili apate pale magita yanapoachiwa kukimbia. Walijua kwamba joto linakuja baadaye, wakalitafutia upande wake. Chemirocha ya tatu haikupewa upande wa pili. Mhakiki anayejua hivyo hatauita ufupi wake usanii, wala hatawalaumu waimbaji kwa kutofika mbali.

Kuna jambo moja ambalo sikio langu haliwezi kulihukumu, na hakiki ya kweli hulitaja: maneno. Anayeandika bila kuielewa lugha ya Kipsigis anategemea muhtasari wa kadi ya maelezo ya Tracey, na muhtasari haumwambii kama tungo ni ya mzaha, ya kejeli au ya kawaida tu. Hapo sifa na lawama zote husubiri mjuzi wa lugha. Mwandishi anayeuita ushairi huo "wa ajabu" kwa kusoma kadi anahakiki kadi.

Hukumu yangu, basi. Chemirocha ya tatu ni rekodi nzuri ya kiitikio na rekodi isiyotosha ya chepkong'o, kwa kuwa humo kinubi kinafanya kazi ya mtumishi. Anayetaka kusikia chombo kikizungumza na mwimbaji aende kwa ile ya kwanza na ya pili, ambako mwanamume mmoja mmoja anaimba na kinubi, na hakuna kundi la kukifunika. Azisikilize hizo kwanza, mara mbili, kadi ikiwa imefungwa. Ile ya wasichana aiweke mwisho, na akiona inapungua kidogo baada ya hizo mbili, aandike hivyo na ataje inapungulia wapi.