Gereji ya bima au fundi wako wa Kiserian? Swali la kwanza ni spea

Watu wetu wa Pwani waliohamia bara kikazi wamejaa Rongai, Kiserian na Kitengela, na wengi wanaendesha magari yenye bima kamili. Ikitokea ajali barabara ya Magadi, simu ya kwanza humwendea fundi wa mtaani anayelijua gari, na ya pili ndiyo huenda kwa wakala wa bima. Hapo ndipo mvutano huanza. Kampuni inataka gari liende gereji iliyo kwenye orodha yake, aghalabu Nairobi mjini, naye mwenye gari anataka fundi wake.

Tuanze na mkataba wenyewe, kwa sababu wengi hudhani kuchagua ni haki yao. Mikataba ya kawaida ya bima ya magari huiachia kampuni uamuzi: ilitengeneze gari, ibadilishe kilichovunjika, au ikulipe pesa taslimu. Kwa hivyo fundi wako anaweza kulishika gari iwapo kampuni imekubali makadirio yake kwa maandishi, au umechukua pesa taslimu. Akilifungua kabla asesa hajalikagua na kulipiga picha, kampuni ina sababu ya kukataa dai zima.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme una Toyota Axio iliyokatiwa bima ya shilingi 900,000, na usiku umegonga ng'ombe karibu na Kona Baridi. Kwa macho, kilichoharibika ni bampa, bonneti, fenda ya kushoto, taa yake na redieta. Eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, tuiweke asilimia 2.5 ya thamani, nayo ni 22,500. Gereji ya kampuni imekadiria 240,000 kwa spea mpya za Toyota. Fundi wako wa Kiserian amesema 110,000. Kampuni nayo inakwambia, ukitaka pesa mkononi itahesabu kazi yote kuwa 140,000, itoe eksesi, ikupe 117,500.

Hesabu inavutia: umlipe fundi na ubaki na 7,500. Lakini kabla ya pesa kutoka, utatia saini hati kwamba umelipwa kikamilifu na huna dai jingine. Fundi anang'oa bampa na kukuta bamba linaloshikilia redieta limepinda, kondensa ya eskon imetoboka na feni imevunjika. Hiyo ni 28,000 zaidi, na mlango wa kampuni umeshafungwa. Jumla ni 138,000, nawe umetoa 20,500 mfukoni. Gereji ya kampuni ingekugharimu 22,500 za eksesi, kwani uharibifu unaogunduliwa gari likifunguliwa huandikiwa makadirio ya nyongeza, asesa akarudi kuukagua, na kampuni ikalipa. Umeokoa shilingi 2,000, na ndani ya gari kuna spea za aina nyingine kabisa.

Waama, tofauti kati ya 240,000 na 110,000 haikutokana na ujira wa fundi peke yake. Imetokana na spea, nazo ni za sampuli nne. Kuna jenuini, iliyo ndani ya boksi la Toyota na ina namba yake. Kuna ya kiwanda kilekile kinachoitengenezea Toyota, kama Koito kwa taa au Denso kwa redieta, ila inauzwa kwa jina la kiwanda na bei huwa nafuu. Kuna kopi, inayofanana kwa umbo tu. Na kuna iliyotumika, iliyong'olewa kwenye magari ya Japani, ambayo maduka ya Grogan, barabara ya Kirinyaga, yamejaa tele. Hii ya mwisho aghalabu hukaa vizuri kuliko kopi mpya, maana ilitoka kwenye gari kama lako.

Kopi si haramu kila mahali. Fenda ya kopi ikikaa sawa na kupakwa rangi vizuri haitakuletea taabu, ijapokuwa bati lake mara nyingi ni jepesi na matundu ya boliti hulazimishwa. Ila taa ya kopi hupoteza mwanga mapema au huingiza maji, na kwa barabara ya giza yenye mifugo hilo si dogo. Usiikubali kabisa kopi kwenye breki, kwenye chuma kilicho nyuma ya bampa, wala kwenye mifuko ya hewa inayofumuka usukani. Chuma hicho ndicho kinachopokea kishindo, nacho hakionekani bampa likirudishwa.

Wala usidhani gereji ya kampuni ni dhamana ya jenuini. Gereji hizo hushindania kazi kwa bei, na asesa huweza kukata makadirio na kuandika spea iliyotumika, hasa gari likiwa la miaka mingi. Pengine kampuni itakubali spea mpya lakini ikutake uchangie, kwa hoja kwamba gari la zamani limepata kitu kipya. Kwa hivyo kabla kazi haijaanza, omba nakala ya makadirio yaliyoidhinishwa, na uhakikishe mbele ya kila spea pameandikwa aina yake. Neno "bampa" peke yake halikusaidii kitu baadaye.

Ukishikilia jenuini tupu, kumbuka pia kuna mpaka. Gharama zikikaribia nusu ya thamani ya gari, au kupita hapo kidogo kulingana na kampuni, watasema gari halitengenezeki na watakulipa thamani yake ya siku hiyo ya ajali, ambayo yaweza kuwa chini ya zile 900,000. Gari la 400,000 lenye makadirio ya 230,000 linaweza kuokolewa kwa spea zilizotumika za 150,000. Mtu anayelipenda gari lake afadhali aombe hizo mwenyewe.

Fundi wako ana nafasi yake. Kwa mkwaruzo wa 25,000 na eksesi ya 22,500, mpe yeye kazi na usidai kitu, maana kwa dai la 2,500 utapoteza punguzo la mwaka usio na madai. Na kwenye dai kubwa, mlipe nauli aende nawe gereji siku ya kuchukua gari, kabla hujatia saini kwamba umeridhika.

Siku hiyo atazame nafasi kati ya bonneti na fenda, iwe sawa pande zote mbili. Asome maandishi kwenye kioo cha taa mpya, jina la kiwanda na namba, alinganishe na taa ya upande wa pili. Apitishe sumaku ndogo juu ya fenda iliyonyooshwa. Pasiposhika pamejazwa poda nene. Kisha washa swichi bila kupiga injini. Alama ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi iwake sekunde chache na izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili isikuonyeshe kosa. Ikizimika papo hapo na alama ya oili baada ya injini kuwaka, yaelekea zimeungwa waya mmoja, na mfuko uliofumuka haukubadilishwa. Hapo usitie saini. Mpigie asesa arudi, kwani ukaguzi wa mwisho ni kazi yake, na kampuni ikizembea, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, Nairobi, pamoja na ile nakala ya makadirio.