Jina, Postnomu na Prenomu: Historia ya Nafasi Tatu katika Hati za Kongo

1. Swali lenyewe

Mtu anayejaza fomu ya uandikishaji katika chuo chetu, au anayeisoma kadi yake ya mpiga kura, hukuta nafasi tatu zinazofuatana: jina, postnomu na prenomu. Wengi hudhani kwamba mpangilio huu umerithiwa mzima kutoka kwa Wabelgiji. Sivyo. Kila nafasi ina umri wake, na ile ya katikati haikutoka Ulaya hata kidogo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi nafasi hizo zilivyopatikana, na jinsi jina la ubatizo, jina la Kiislamu na jina la ukoo yalivyogawana humo. Mifano yetu tunaitoa hasa Maniema, kwa sababu huko majina ya aina zote tatu hukutana katika nyumba moja.

2. Majina mawili ya wakati wa ukoloni

Majina ya Kiislamu yaliingia Maniema kabla ya karani wa serikali. Yalifika pamoja na misafara ya biashara iliyojenga vituo vya Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, zama za Tippu Tip. Vita vya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao, lakini havikuyafuta majina. Watoto waliendelea kuitwa Ramazani, Asumani, Amisi, Salumu, na wajukuu wakaitwa kwa majina ya babu zao. Hivyo, baada ya vizazi viwili au vitatu, jina lililotoka katika Uislamu lilikwisha kuwa jina la ukoo.

Matamshi yanathibitisha jambo hilo. Ramadhani amekuwa Ramazani, Athumani amekuwa Asumani, Hamisi amekuwa Amisi: dh imegeuka z, th imegeuka s, na h ya mwanzo imeanguka, kama ilivyo katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kwa jumla. Kisha karani aliyesoma Kifaransa akaongeza alama yake. Juma akaandikwa Djuma, Rajabu akawa Radjabu, na Asumani akapewa s mbili, Assumani, kwa kuwa katika Kifaransa s moja iliyo kati ya irabu husomwa z.

Jina la ubatizo lilikuja kwa njia nyingine, nayo ni misheni na shule. Kanisani mtu aliweza kuitwa Petro au Yosefu, ila hati ilimwandika Pierre au Joseph. Kwa kuwa shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa wamisionari hadi serikali ilipoanza kufungua shule zake katika mwaka 1954, watoto wa Waislamu waliotaka kusoma walikaa darasani pamoja na wabatizwa, na baadhi yao walitoka na prenomu ya Kikristo. Hati za wakati huo kwa kawaida zina sehemu mbili tu: jina na prenomu.

3. Mwaka 1972 na kuzaliwa kwa postnomu

Siasa ya kurudia uasili, iliyoitwa otantisite, iliibadili nchi kuwa Zaire mwezi Oktoba 1971. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu aliacha prenomu yake na kujiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa wafanye vivyo hivyo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Prenomu ilipofutwa, palibaki pengo. Watu wawili, kumi, ishirini wa mji mmoja waliweza kuitwa Amisi, na kilichowatenganisha ni Pierre au Joseph. Pengo hilo lilizibwa kwa jina la pili la asili, mara nyingi la babu au la jamaa mwingine, lililowekwa nyuma ya la kwanza. Ndiyo postnomu.

Je, jina la Kiislamu nalo lilihesabiwa kuwa la kigeni? Kwa asili yake lingeweza kuhesabiwa hivyo. Lakini halikukaa katika nafasi ya prenomu; lilikaa katika nafasi ya jina, tena limevaa sauti za kwetu. Kwa hiyo mara nyingi lilipita salama pale jina la ubatizo lilipokatwa. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilidai majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa taifa, na Ramazani aliendelea kuandikwa humo bila taabu.

Baada ya hotuba ya 24 Aprili 1990 iliyomaliza mfumo wa chama kimoja, prenomu zilirudi, lakini postnomu haikuondoka. Ndipo zikapatikana nafasi tatu.

4. Mtu mmoja, hati tatu

Tutunge mfano. Mtoto amezaliwa karibu na Kasongo katika mwaka 1955. Baba yake Mwislamu anamwita Amisi. Shule inamwongezea Pierre. Babu yake aliitwa Kalume. Cheti chake cha shule ya msingi cha 1967 kinasema Amisi Pierre. Hati yake ya kazi ya 1976 inasema Amisi Kalume. Kadi yake ya mpiga kura ya 2006 inasema Amisi Kalume Pierre. Hakuna hati hata moja iliyosema uongo, lakini ofisi inayozilinganisha ili kulipa pensheni inaona watu watatu. Tena sheria ya 1987 inasema kwamba mpangilio wa sehemu za jina na tahajia yake havibadiliki kama vilivyotangazwa kwa ofisa wa hali ya raia, na kuvibadili kunahitaji mahakama. Mtu aliyebadilishwa jina na serikali anaambiwa na serikali athibitishe kwamba hakulibadili.

Pasipoti huongeza tatizo la nne. Mstari unaosomwa na mashine una pande mbili tu, zinazotengwa kwa alama mbili:

```
AMISI<KALUME<<PIERRE
AMISI<<KALUME<PIERRE
```

Katika mstari wa kwanza postnomu imehesabiwa upande wa jina. Katika wa pili imehesabiwa upande wa prenomu. Kwa mashine ya ngambo, hao ni watu wenye majina tofauti ya ukoo.

5. Tahadhari kwa mtafiti

Kutokana na hayo yote tunapata mambo mawili. La kwanza, dini ya mtu haisomwi katika jina lake. Waziri wa mambo ya nje wa miaka ya 2004 hadi 2007 aliitwa Raymond Ramazani Baya. Mgombea urais wa 2018 aliitwa Emmanuel Ramazani Shadary. Katika majina hayo Ramazani ni jina la nyumba, wala si ushuhuda wa msikiti. Anayehesabu Waislamu wa Maniema kwa kupitia orodha za majina atahesabu makaburi ya mababu pamoja na walio hai.

La pili, idadi ya sehemu za jina husaidia kukisia umri wa hati. Prenomu bila postnomu huelekeza kabla ya 1972. Postnomu bila prenomu, kati ya 1972 na 1990. Zote tatu, baada ya hapo. Kanuni hii ina mipaka, maana wapo waliokwisha kuwa na majina mawili ya asili tangu zamani, na wapo ambao hawakuichukua tena prenomu. Hata hivyo, mwanafunzi atakayeketi mbele ya sanduku la faili zisizo na tarehe atafanya vema kuanza na hesabu hiyo. Kisha na amwulize mwenye jina, kama yu hai, nani alimpa kila sehemu.